Tarehe Kumi ya Machi

Rodney Ormerod alikuwa amefundisha sheria ya mikataba pale Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, kwa miaka mingi kiasi kwamba hata waliompa kazi walishakufa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda cheo. Yeye alisema ni kwa sababu chuo kimejaa wapumbavu. Wapumbavu nao walikuwa na maoni yao, lakini waliyaweka moyoni, kwa kuwa mdomo wa Ormerod ulikuwa mchafu na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuchokoza.

Aliwadharau wanafunzi kwa vile hawakusoma, na wale waliosoma akawadharau kwa kujipendekeza. Wenzake waliokuwa na shahada ya udaktari aliwaita "madokta" kwa namna ambayo neno lenyewe lilitoka likinuka. Yeye hakuwa nayo. Aliitwa Bwana Ormerod, na mwanafunzi aliyethubutu kumwita Rodney, kama walivyowazoea wahadhiri wengine, alijuta muhula mzima.

Kila mwaka, bila kukosa, alifundisha swali la bandari iliyofungwa. Muuzaji ameahidi kupeleka mbao kwenye gati la bandari fulani, hiyo hiyo wala si nyingine, na mkataba hausemi lolote kuhusu majanga. Serikali inaifunga bandari, haijulikani itafunguliwa lini. Je, mkataba umekwama kisheria, kila mtu awe huru, au muuzaji alipe? Ormerod alikuwa na jibu lake la mfano, kurasa mbili zilizopigwa chapa zamani na kutolewa nakala hadi herufi zikapauka. Tukio lazima litokee baada ya mkataba kufungwa. Lisiwe kosa la upande wowote. Liifanye kazi iliyoahidiwa isiwezekane, au igeuke kuwa kitu kingine kabisa. Kupanda kwa gharama peke yake hakutoshi. Yakitimia hayo, mkataba unakufa wenyewe papo hapo, hakuna haja ya mtu kuuvunja. Kisha inakuja sheria ya mwaka 1943: mnunuzi anarudishiwa malipo ya awali, ila mahakama ikiona ni haki inaweza kumwachia muuzaji sehemu ya pesa hizo kufidia alichokwisha kutumia.

Kisheria hapakuwa na kasoro hapo. Kasoro ilikuwa katika namna alivyoifundisha. "Mna dakika arobaini na tano kwa kila swali," alikuwa akiwaambia. "Hamna muda wa kufikiri, na hata mngekuwa nao msingejua la kuufanyia. Mkiona bandari, andikeni hii." Nao wakakariri. Kila mtihani ulirudi na majibu yanayofanana kama mikate ya tanuri moja, kisha yeye akakaa kuyasahihisha huku akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana akili zao wenyewe.

Leanne Stubbs hakuwa mwepesi wa kukariri. Alikuwa binti wa mtaa wa Hessle Road, anauza samaki na chipsi jioni, na mtihani wa kwanza alikuwa amefeli kwa sababu alisoma kila swali mara tatu na la nne hakuligusa kabisa. Sasa alikuwa kwenye mtihani wa marudio, nafasi ya mwisho. Akifeli huu, chuo kinamtoa, na miaka yake miwili ya kusoma inakuwa hadithi ya kuwasimulia wateja. Ormerod alijua hilo. Katika kipindi cha kujiandaa, Leanne aliuliza itakuwaje kama muuzaji mwenyewe ndiye aliyechelewa. Ormerod akamtazama darasa zima likisikia.

"Binti Stubbs," alisema, "wewe hata swali unalopewa humalizi, halafu unajitungia jingine?"

Wenzake wakacheka, maana kucheka kulikuwa salama kuliko kuulizwa. Leanne akainama akaandika kitu. Ormerod hakuona haya, alidhani amemsaidia.

Maswali ya marudio mwaka huo aliyatunga Ffion Parry, dokta kijana kutoka Wales ambaye Ormerod alimwona kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Utaratibu wa chuo ni kwamba mtunzi hasahihishi kazi yake peke yake: maswali yanapelekwa kwa mhadhiri mwenzake ayasome neno kwa neno, aridhike, atie sahihi. Parry akampelekea Ormerod. Ormerod akafungua, akaona gati, mbao, serikali imefunga bandari, akacheka kwa pua. Kumbe hata dokta ameishiwa, anachota kwenye kisima chake. Akatia sahihi bila kumaliza ukurasa, akaenda kunywa chai.

Siku ya mtihani alikaa mbele ya ukumbi nusu saa ya kwanza, kama desturi ilivyo, ili mwanafunzi mwenye shaka juu ya swali apate wa kumuuliza. Dakika za kusoma zilipokwisha na kalamu kuanza kukwaruza, mkono ukainuka nyuma. Alikuwa Leanne. Ormerod akaenda taratibu, amekunja uso kama mtu anayeitwa kufukuza panya.

Leanne alimnong'oneza. Swali lilisema mbao zifike kabla ya mwisho wa tarehe kumi Machi. Muuzaji akaituma meli kwanza kwa mteja mwingine. Serikali ikafunga bandari tarehe kumi na mbili. Alitaka tu kujua kama tarehe zile zimeandikwa sawa.

Ormerod akaisoma karatasi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mtunzi ameandika hivyo. Yeye aliona dokta aliyeshindwa kupanga tarehe mbili, na moyo wake ukajaa furaha. Hata kumtafuta Parry, ambaye ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya ua tu, hakuona haja. Akarudi mbele, akapiga meza.

"Sikilizeni. Swali la pili lina makosa ya mtunzi. Palipoandikwa tarehe kumi Machi, someni ishirini. Tunaomba radhi kwa niaba ya wasomi wetu wakubwa."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Sasa lilikuwa swali lile lile walilolikariri, na kalamu zikakimbia. Msimamizi akaandika kwenye daftari lake la ukumbi kwamba rekebisho limetangazwa. Ormerod akaondoka kifua mbele.

Wiki iliyofuata akakaa kusahihisha. Karatasi hazina majina, ni namba tu. Jibu baada ya jibu ni kurasa zake mbili, nyingine zimekaririwa vizuri, nyingine zimekatika katikati, na yeye akagawa maksi huku akiguna. Kisha akafika kwenye moja iliyoanza hivi: mkataba huu haukukwama. Hakuhitaji zaidi. Akapiga mstari mwekundu ubavuni, akaandika pembeni "hakusikia maelekezo," akatoa maksi ishirini na nane, akavuta karatasi nyingine. Ishirini na nane maana yake ni kufeli.

Zikaenda kwa Parry, msahihishaji wa pili. Kesho yake Parry akaingia ofisini kwa Ormerod akiwa na karatasi ile moja. Wasahihishaji wakipishana sana, lazima wakae wakubaliane, na yeye alikuwa ametoa sabini na moja.

Ormerod alianza kwa mzaha. Akauliza kama huko Wales tarehe zinahesabiwa kutoka mwisho. Parry hakucheka. Aliketi bila kukaribishwa.

"Nani aliwaambia wasome ishirini?"

"Mimi. Ulikosea, nikakusitiri."

"Sikukosea, Rodney. Tarehe hiyo ndiyo swali lenyewe."

Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu wa mwaka wa kwanza. Bandari ilipofungwa, muuzaji alikuwa ameshachelewa siku mbili, na alichelewa kwa kupenda mwenyewe, kwa kuwa meli aliipeleka kwingine. Angefika kwa wakati, angeikuta bandari wazi. Mtu ambaye tayari amevunja mkataba hawezi kujificha nyuma ya tukio lililomkuta ndani ya uvunjaji wake. Hakuna kukwama, sheria ya 1943 haihusiki, muuzaji anarudisha alichopokea na kulipa fidia. Swali lilitungwa kumnasa anayeona neno bandari na kuacha kusoma.

"Umenasa wewe," akasema Parry.

Masikio yalimwiva Ormerod. Akajaribu njia nyingine: hata kama ni hivyo, maelekezo ni maelekezo, mtahiniwa aliambiwa ishirini akajibu kumi, huo ni ujeuri. Parry akageuza karatasi, akamwuliza kama alifika ukurasa wa tatu. Hakuwa amefika.

Pale palikuwa na aya moja, mwandiko umebanana kwa haraka ya dakika za mwisho. Mtahiniwa aliandika kwamba imetangazwa ukumbini kuwa tarehe sahihi ni ishirini. Ikiwa hivyo, muuzaji hakuwa bado amechelewa, kufungwa kwa bandari si kosa la yeyote, gati ni hilo moja tu, basi mkataba umekwama. Na akamalizia na sheria ya malipo ya awali, mistari kumi, hakuna kilichopungua. Alijibu maswali yote mawili, la kwenye karatasi na la mdomoni mwa Ormerod, ndani ya muda wa moja.

Ormerod aliisoma mara mbili. Aliona aibu, na aibu kwake ilifanana sana na hasira, hivyo akasema kwamba mwandiko ni mbaya. Parry akamsukumia kalamu. Akatia sahihi chini ya sabini na moja. Waliobaki wakahukumiwa kwa swali walilotangaziwa, maana si wao waliolibadilisha, na mkuu wa idara akaandika barua fupi ya kumwondoa Ormerod kwenye kazi ya kukagua maswali. Ormerod aliita barua ile siasa.

Matokeo yalipotoka, Leanne alikuwa amefaulu. Ormerod alikutana naye kwenye ngazi, binti akiwa na begi lake la kazini linalonuka mafuta ya kukaangia. Hapo ndipo alipojua namba ile ilikuwa ya nani, kwa kuwa Leanne alikuwa ameomba kuona karatasi yake, sasa ameishika mkononi, na mstari mwekundu ulikuwa bado upo. Ormerod akajikohoza. Alitaka kusema jambo la kiungwana, lakini hakuwa na mazoezi nalo, akasema kwamba kujibu pande mbili ni mbinu nzuri ya woga.

"Haikuwa woga, Bwana Ormerod," alisema Leanne kwa adabu kabisa. "Ya kwanza niliandika kwa ajili ya sheria. Ile ya pili niliandika kwa ajili yako, maana nilijua hujasoma swali."

Akampisha kwenye ngazi, kama anavyopishwa mzee, akashuka zake kwenda kazini.