Simu Niliyoiunganisha Nisiisikie

Kwenye kiwanda cha majani chai kule Tetu, mimi ndiye niliyekaa kwenye swichibodi ya simu. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku pale Majengo, na Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka kuliko barabara ya kwenda Nairobi. Nilikosa kitu kimoja tu: mkubwa yeyote wa makao makuu kunisikia nikizungumza neno zaidi ya "subiri kidogo". Nafasi ya karani mkuu ilikuwa wazi, na wakubwa hao ndio wangeijaza.

Aliyeitaka nafasi hiyo pamoja nami alikuwa bwana wa huduma ya kwanza, kijana wa mtaa wa Skuta aliyesoma mchana, tena shule ya bweni. Alikuwa na sanduku jeupe lenye msalaba. Akilibeba tu kuvuka uwanja, wanawake wa kuchambua majani walinyamaza kama kanisani. Mimi nilibeba nyaya. Nani atanyamazia nyaya?

Asubuhi moja rola ya kusagia majani ilimshika mkono mfanyakazi mmoja alipokuwa akitoa majani yaliyokwama. Alipiga ukelele ambao naapa uliitikisa theluji kule juu ya mlima. Kijana wa Skuta akamfunga mkono, akapanda naye nyuma ya lori la majani, akauinua mkono ule juu mpaka lori likapotea kwenye kona. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama kinamtazama yeye. Nilimhurumia yule majeruhi kwa moyo wote. Lakini roho yangu iliungua pia, siwezi kusema haikuungua.

Haukupita muda taa ya Nairobi ikawaka kwenye ubao. Sauti ya makao makuu ikasema:

"Andika. Mkutano wa dharura wa simu unaanza sasa hivi. Mwombe opereta wa simu wa Nyeri awaingize watu wa kiwanda chenu mkutanoni, ofisa wa kazi wa serikali yuko tayari kwenye laini. Lazima wawepo meneja, msimamizi wa zamu, fundi wa mitambo na mtu wa huduma ya kwanza. Mwingine yeyote asiwepo. Na rola isiguswe mpaka ikaguliwe."

"Na wa swichibodi, mzee?"

"Wa swichibodi aunganishe."

Nikaupeleka ujumbe. Habari ya mwaliko ilinitangulia, na watu waliupokea kama mwaliko wa harusi. Nilipofika ofisini kwa meneja nilimkuta mtu wa stoo amevaa koti, mpishi wa chai naye amechana nywele.

"Ati na wewe umeitwa?" fundi akamuuliza mpishi.

"Si rola inasaga majani? Na majani si ndiyo chai? Mimi ndiye napika chai!"

Meneja akawatoa wote isipokuwa fundi na msimamizi. Akanigeukia. "Yule wa huduma ya kwanza?"

"Yuko hospitali, mzee. Labda tuanze bila yeye."

"Wamesema lazima. Mtafute."

Nikarudi kwenye swichibodi, opereta wa Nyeri akamwingiza meneja mkutanoni, nami nikaichukua laini yetu ya pili, nikapiga hospitali Nyeri mjini. Nesi akamwita, akaja anahema. Nikamuunganisha na mkutano, nami nikafungua swichi yangu ya kusikilizia, kwa sababu ya kazi, nikajiambia. Hapo sauti zote zikazama kama watu wanaongea ndani ya pipa.

"Hatumsikii wa hospitali!" Nairobi ikalalamika. "Aliona kifuniko cha rola kabla hakijaguswa, tunamhitaji!"

Opereta wa Nyeri, mama mmoja mkali niliyemjua kwa sauti tu, akaniambia, "Wewe kijana wa kiwandani, uko ndani. Kila sikio linakula sauti. Toka."

Nilikaa na kidole juu ya swichi ile muda ambao mtu angeweza kuchuma shamba zima la chai. Maisha yangu yote mkutano kama huo haukuwa umewahi kunikaribia hivyo. Kisha nikaifunga.

Kupitia kioo niliona meneja na wenzake wamekusanya vichwa kwenye mkono mmoja wa simu. Meneja alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akaandika. Halafu fundi akatoka mbio, akaizima rola ya pili, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimelegea vilevile.

Jioni kijana wa Skuta alirudi, damu imemkaukia kwenye shati.

"Atapona," akasema. "Vidole viwili vimekwenda, lakini mkono upo. Bwana, laini ilikuwa safi kabisa! Ulinisikia nilivyoeleza?"

"Nilisikia yote," nikasema. "Ulisema vizuri."

Wiki iliyofuata Nairobi walipiga tena, wakimtaka yeye kwa habari ya ukarani mkuu. Nikawaambia, kwa Kiingereza changu kilichonyooka, wasubiri kidogo. Kisha nikamuunganisha, nikafunga swichi yangu.