Mkono wa Kushoto wa Daftari

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, niliona kuwa fedha za kwenye droo zimepungua shilingi 4,650. Nilihesabu mara tatu. Urari wa daftari ulikuwa sawa pande zote mbili, hadi senti.

Duka letu liliuza kanga, Biashara Street. Uhasibu nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu chakavu: kila shughuli huandikwa mara mbili, hesabu inayopokea kushoto, yaani debiti, na inayotoa kulia, yaani krediti. Niliuamini mno urari. Sikuwa nimeelewa kwamba hauonyeshi kisichoandikwa kabisa.

Mtoto wa mwenye duka, aliyeendesha biashara kwa niaba ya babake, hakutaka maelezo. Mweka fedha wetu alikuwa Mrabai kwa kabila, Mkristo, miaka kumi na mmoja nasi.

"Ijumaa sote twaenda msikitini, yeye hubaki na droo," alisema yule mtoto. "Mwandike."

Nikamwandika. Debiti jina lake 4,650, krediti fedha taslimu. Kwa kalamu yangu akawa mdeni. Mshahara wake ukakatwa 1,500 siku ileile, akaambiwa fedha zikipungua tena aende zake. Alitia sahihi, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo nikawa nahesabu droo kila jioni, na Ijumaa kila saa. Ijumaa ya kwanza, saa sita na nusu, zilipungua 900. Hakuna aliyekuwa amekwenda msikitini bado. Nilimuuliza mweka fedha ni nani aliyefungua droo.

"Si langu kusema. Niliombwa."

Nyuma ya meza alikuwa ameketi mtu mmoja tu mwingine: mwenye duka mwenyewe, mzee, aliyekuja kila Ijumaa kungoja adhana. Nilimfuata, nikamuuliza kwa adabu. Alinijibu bila kuniangalia.

"Ni sadaka yangu ya kila Ijumaa, mwanangu. Mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Yule nilimwomba asitaje."

Habari za mshahara hakuwa ameambiwa. Nilimweleza, adhana ikaanza na kwisha.

"Mzee," nikasema, "kwenye daftari, kushoto lazima kujue."

"Basi andika kuwa nimechukua mimi. Niliowapa, usiwaandike."

Za siku ile, 900, niliziandika debiti matumizi ya mwenye mali, krediti fedha taslimu. Kisha nikarekebisha za mwanzo: debiti matumizi yake 4,650, krediti mweka fedha. Mtoto wake alisoma ukurasa, akafunga daftari. Kumtaka radhi mweka fedha hakumtaka, na mimi nilichelewa siku mbili kufanya hivyo.

Hesabu ya mweka fedha ilikuwa imegeuka upande. Sasa duka ndilo lililokuwa mdeni wake, kwa kile kilichokatwa mshaharani: shilingi 1,500.