Shamba Ambalo Mama Hakuniachia

Niliezua paa la nyumba yangu kabla ya kuwa na cha kuezekea. Makuti yalikuwa yameoza, na mimi nilishajipa shamba la mikarafuu la marehemu mama: nitauza, ninunue mabati.

Najua mama alilitoa kwa ajili ya chuo cha Kurani. Lakini mimi, msomi wa fomu foo, nilisema huo ni wasia, na wasia hauvuki thuluthi ya mali. Thuluthi mbili zangu, mwanawe wa pekee. Nikajikokota hadi Wete kwa kadhi, mimi ambaye hata sokoni huenda kwa kusukumwa.

Kadhi aliuliza, "Mavuno yalikuwa yakienda wapi mama akiwa hai?"

"Chuoni, Shehe. Karafuu nikizianika mwenyewe. Nilidhani ni sadaka tu."

"Wasia huanza kazi mtu akishakufa, na kabla ya hapo anaweza kuubadilisha. Huu ni wakfu. Aliuweka akiwa mzima, na mashahidi wapo. Tokea siku ile shamba haliuzwi wala halirithiwi. Hata yeye mwenyewe asingeweza kulirudisha."

Nilirudi nimechoka kama niliyelibeba shamba lenyewe mgongoni. Bi jirani, mtu mzima aliyekuwa shoga wa mama, alinikuta nimekaa chumbani natazama mawingu yakijikusanya. Nikamsimulia yote, nikitaraji pole.

"Mamako alikuwa akikujua, mwanangu," alisema. "Angekuachia, ungeshauza mpaka mashina."