Funili ya Vyerehani

Niliondoka Palma asubuhi moja kwa sababu jirani alikuwa anapigwa. Watu walikuwa wamemwangusha nyuma ya uzio wangu wa makuti, na mlio wa fimbo ulikuwa unaingia chumbani kama mtu anayepura mtama. Kosa lake sikulijua. Nilivaa viatu, nikachukua simu na chaja, nikatokea upande wa pili hadi barabarani. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda Mocímboa da Praia. Nikapanda. Kwenye kizuizi, askari mmoja alinizaba kofi kwa kuchelewa kutoa kitambulisho, kisha akaniomba sigara. Nilimpa.

Mocímboa nilipokewa na mtu niliyemwita mjomba, ingawa hatukuwa ndugu. Wazee wake walitoka upande wa Lindi. Yeye alizaliwa hapohapo, akakimbia vita, akarudi na kukuta nyumba haina paa. Alikuwa anauza vyerehani vilivyotumika katika kibanda cha bati karibu na bandari. Mkewe na watoto walikuwa bado Mtwara kwa shemeji, na shemeji alikuwa ameshawachoka. Vyerehani vikiuzika, paa lingepanda na familia ingerudi. Havikuwa vinauzika.

"Watu wanapita, wanashikashika, wanakwenda zao," aliniambia. "Wewe unayelala na simu, simu hiyo haijui kuuza?"

Shule niliiacha mapema, lakini sijawahi kuacha kusikiliza. Palma nilikuwa nikiwasikiliza Wabrazili kwenye simu, wakieleza kwa Kireno jinsi ya kumtoa mtu kwenye kutazama hadi kwenye kununua. Wao huiita funili. Mjomba alikuwa nayo moja ya plastiki, ya kumiminia petroli kwenye chupa. Nikaishika mbele yake.

"Huku juu ni pana," nikamwambia. "Waingie wote. Video ya kwanza ni fupi, haitaji bei, haibembelezi. Kazi yake ni kumfanya mtu asimamishe kidole. Mwishoni tunamwomba jambo moja tu: aandike neno 'cherehani' kwenye namba yetu. Anayeandika, panaanza kumbana. Anapata video ndefu ya mashine ikishona kweli. Namuuliza yeye anashona nini. Ndipo namtajia bei. Akikubali, anatuma kiasi kidogo kwa simu, tumwekee mashine yake. Na huyo peke yake ndiye anayeambiwa tulipo."

"Kwa nini tusiwaambie wote tulipo?"

"Unataka kila mwenye simu ajue kuna nini nyuma ya bati hili?"

Mjomba akacheka. "Mpwa, una akili za mwizi."

Video ya kwanza nilipiga kibanda kizima, nikaiweka mtandaoni. Watu waliipita. Simu ilinionyesha kwamba wengi waliondoka kabla sijafungua mdomo. Nikatafuta kitu cha kukamata jicho. Kulikuwa na cherehani kimoja ambacho gurudumu lake la mkono liliwahi kuvunjika, likaungwa kwa shaba, na uvimbe ule wa njano ulikuwa unawaka juani kama jino la dhahabu. Nikaanza na hilo: gurudumu linazunguka, shaba inamulika, sindano inashuka. Watu wakasimama. Maneno yakaanza kuingia kwenye namba yetu, cherehani, cherehani, cherehani.

Wakaandika wengi, wakanyamaza wengi pia, hasa nilipokosa subira nikataja bei mapema. Kwa hiyo bei nikairudisha mahali pake, baada ya video ndefu na baada ya mtu kunieleza kazi yake. Aliyenyamaza nilimtumia ujumbe wa sauti kesho yake, kwa jina lake, nikimkumbusha kazi aliyoitaja. Mashine zikaanza kutoka. Mjomba alinunua misumari ya paa hata kabla ya mabati, akawa anaichezea mfukoni. Akampigia mkewe: auze vyungu, apande basi.

Kisha akaandika mwanamke mmoja kutoka Mueda.

"Hicho chenye shaba," alisema kwa ujumbe wa sauti. "Bado kipo?"

"Kipo, dada."

"Kilitoka wapi?"

Majibu ya mkanda, ya sindano na ya usafiri nilikuwa nayo tayari. La swali hili sikuwa nalo, kwa sababu kwetu halikuwa linaulizwa. Baada ya vita watu walinunua milango, vitanda, masufuria, na kutouliza kilitoka wapi kulikuwa ndiyo adabu. Kila nyumba ilikuwa na kitu cha nyumba nyingine.

"Kwa bibi mmoja wa hapahapa," nikajibu. "Macho yamechoka, hashoni tena."

Akatuma malipo ya kuwekewa. Nikamtumia ramani ya kibanda.

"Imefanya kazi!" nikamwambia mjomba.

Alikuja na kaka zake wawili. Hakusalimia. Aliinama, akapitisha kidole juu ya shaba.

"Hapa aliunga mume wangu," alisema. "Wakati wa vita walimchinja mlangoni. Nikakimbia, mashine ikabaki ndani." Akaninyanyulia uso. "Wewe ndiye ile sauti. Bibi aliyechoka macho yuko wapi?"

Kaka mkubwa alinipiga ubapa wa panga mdomoni, nikatema jino. Mdogo alimshika mjomba shingoni na kumpigiza kwenye bati mpaka ukuta ukabonyea.

"Ilitoka wapi?"

"Nilinunua! Kwenye lori! Watu siwajui!"

"Hukuwauliza?"

Mjomba, damu inamtoka puani, akajibu vibaya. "Nani anauliza? Na kitanda unacholalia wewe kilitoka wapi?"

Kaka mkubwa aliukamata mkono wake, akauweka chini ya sindano, akalizungusha gurudumu. Sindano iliingia kwenye ukucha na kutokea upande wa pili. Mjomba alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Gurudumu likazunguka tena, kidole cha pili.

"Acheni!" mwanamke akapaza sauti. "Mtaniharibia mashine!"

Kelele zilikuwa zimeshaleta watu. Mtu akasema mwizi, na wengine wakalipokea neno: watu niliowajua, wenye milango waliyoinunua bila kuuliza. Walimpiga mjomba kwa mawe na kwa mguu wa chuma wa mashine, na waliochoka kupiga waliingia ndani kuchukua vyerehani vilivyobaki. Wawili walikatana mapanga wakigombea kimoja. Askari walipofyatua risasi hewani, kibanda kilikuwa kitupu.

Mwanamke alikuwa amejitwisha kichwa cha mashine yake, kaka zake wamebeba meza. Alisimama mbele yangu.

"Nilichotuma, rudisha."

Nikatoa simu. Vidole vilikuwa na damu, kioo hakikuwa kinaitika. Nilivifuta kwenye suruali, nikaanza upya, nikamrudishia. Alisubiri ujumbe uingie, akaenda.

Mjomba alilazwa kwenye baraza la hospitali, mkono umefungwa mpaka kiwiko.

"Mke wangu yumo kwenye basi," alisema. "Anakuja kwenye paa gani?"

Nilimwambia ningeweza kuanza tena, kwa bidhaa nyingine.

"Ondoka, mpwa. Wanangu wasikukute."

Nilipanda chapa, basi dogo la abiria, hadi Awasse, pale barabara zinapogawanyika, nikashuka kwa sababu mdomo ulikuwa umevimba na kila shimo la barabara lilikuwa linaniua. Mama mmoja wa kuuza chai alikuwa na chumba uani. Alinitazama kwanza mikono, halafu uso.

"Umepiga au umepigwa?"

"Nimepigwa."

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa namsaidia mtu kuuza vyerehani."

Alifikiri. Alinimiminia chai isiyo moto sana, kwa ajili ya mdomo, akaniongoza uani. Chumba kilikuwa na mkeka, ndoo na mlango wa mbao nzito wenye nakshi, mzuri kuliko nyumba yenyewe. Niliusukuma, nikaingia, sikumuuliza kitu.