Gauni la Hariri la Mama Lulu

Elina Mlowe alikuwa dobi pale Lyamkena, Makambako, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika sokoni na watu wa kawaida kuvaa vitambaa ambavyo hawakuwahi hata kuvishika. Alizaliwa Matembwe, akaolewa na fundi cherehani aitwaye Clemens, na mume alipofariki akabaki na pasi ya mkaa, mabeseni manne na mtoto mmoja, Enoki, aliyekuwa akisoma bweni Uwemba.

Nguo za kufua hazikumtisha. Kilichomtisha ni kitambaa kidogo kinachoshonwa ndani ya nguo, chenye maandishi ya Kiingereza: *Dry Clean Only*, yaani nguo isifuliwe kwa maji. Mwaka mmoja kabla Clemens hajafa, Elina aliloweka koti la mwalimu mmoja bila kukisoma. Lilipokauka, kifua kilikuwa kimevimba malengelenge kama ngozi iliyoungua, na bitana ikaning'inia chini ya pindo. Mwalimu alilitazama tu, akalikunja, akaondoka nalo. Elina hakumsahau.

Clemens, aliyejifunza ushonaji Dar es Salaam kwa fundi wa Kihindi, alimwonyesha kosa lake kwenye koti jingine bovu. Alilichana kwa wembe.

"Tazama. Nje ni sufu. Katikati kuna kitambaa kigumu, kimebandikwa kwa gundi ili kifua kisimame. Ndani ni bitana. Ukilowesha, gundi inaachia, na kila kimoja kinasinyaa kwa kiasi chake. Mashine za kufulia nguo hizi hazitumii maji, zinatumia dawa, ndiyo maana haviharibiki."

"Kwa hiyo kila chenye maandishi hayo nisiguse?"

"Hapana. Wakiandika *Dry Clean* peke yake, wanakushauri tu. Wakiongeza *Only*, wanakuonya, na onyo uliheshimu. Lakini kuna mwenye kiwanda anayeandika hivyo kwa kuogopa lawama, maana hajui wewe utafua kwa sabuni gani. Usibishane na maandishi. Itazame nguo yenyewe: imeshonwaje, na rangi yake inatoka?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomrudia Jumatano moja ya mwezi wa sita, Bi Zamda aliposimama mlangoni pake akihema, sanduku mkononi. Bi Zamda alikuwa mke wa Abasi, mwenye malori mawili. Ijumaa baada ya sala ya alasiri binti yao, Lulu, alikuwa anaolewa.

"Mama Enoki, niokoe," alisema. "Lori lilikwama njiani, sanduku likaangukia kwenye tope, likafunguka. Nguo zetu za harusi zote zimo humu."

Elina alifungua. Kulikuwa na gauni la hariri la rangi ya maziwa, la Bi Zamda mwenyewe. Sweta la sufu la bibi harusi. Mtandio wa hariri wenye maua mekundu na ya buluu. Na koti jeusi ambalo Abasi angevaa juu ya kanzu. Alitafuta kitambaa cha maandishi katika kila kimoja. Vyote vinne vilisema kitu kilekile.

"Hizi ni za mashine, Mama Lulu."

"Mashine ipo Mbeya, na wanakaa nazo siku nne. Nimeshauliza. Wewe ndiye mashine yangu."

Elina aligeuza gauni ndani nje. Halikuwa na bitana, wala mikunjo iliyopigwa pasi ya kudumu, wala shanga. Kitambaa kimoja tu, mishono myepesi. Alilowesha ncha ya pindo la ndani, akaikandamiza kwa kitambaa cheupe, akahesabu hadi sitini. Kitambaa kilibaki cheupe. Akafanya hivyo kwa sweta, likabaki salama. Alipofikia mtandio, kitambaa kilitoka na doa jekundu kama damu.

"Gauni na sweta nitajaribu," alisema, "lakini ujue najaribu. Mtandio siufui, rangi yake inatembea. Na koti siliingizi kwenye maji."

"Unaweza hariri, unashindwa koti?" Bi Zamda alipandisha sauti. "Hilo ni zito, ni gumu! Mume wangu atavaa nini mbele ya wakwe?"

"Ni gumu kwa sababu ya gundi iliyo ndani. Nikililowesha hatalivaa kabisa."

Bi Zamda aliuchukua mtandio wake kwa hasira, akaviacha vingine.

Elina aliacha tope likauke kabisa, akalikung'uta taratibu. Kisha alijaza beseni maji ya baridi, akatia shampuu kidogo ya nywele, kwa maana sabuni ya unga ni kali kwa hariri na sufu. Alipozamisha gauni, rangi ya maziwa iligeuka kijivu, na kitambaa kikakakamaa mikononi kama karatasi. Alitaka kulitoa. Alijizuia, akalipitisha majini bila kusugua, akalisuuza mara tatu, akaliviringisha ndani ya taulo kama mkeka na kulikandamiza, bila kukamua. Sweta alilifanyia vivyo hivyo, akalitandaza juu ya meza, kwa kuwa likitundikwa mikono hurefuka.

Alhamisi ukungu wa Makambako haukuondoka hadi adhuhuri. Gauni lilitundikwa ndani ya chumba, mbali na jua, bado likiwa na mabaka meusi ya maji. Elina alilitazama kila baada ya muda mfupi. Hakula. Akilini alimwona yule mwalimu akikunja koti lake.

Mchana mabaka yakaanza kufifia, na unyevu ukabaki kidogo. Huo ndio wakati wa kupiga pasi, na pasi ya mkaa ilimwogofya kuliko maji. Cheche moja ingetosha. Alitoka nayo nje, akaipuliza majivu yote, akaijaribu kwenye pindo la ndani, akaiacha ipoe zaidi. Kisha akatandaza kanga kavu juu ya gauni lililogeuzwa na kupitisha pasi mara mojamoja. Alipoligeuza upande wa juu, lilikuwa limerudi kung'aa.

Koti alilifanyia kidogo tu: brashi laini, kitambaa chenye unyevu kwenye madoa, na mvuke wa birika kutoka mbali, kisha akalitundika mahali penye upepo. Kivuli cha tope kilibaki pindoni. Hakikutoka, naye hakulazimisha.

Ijumaa asubuhi Bi Zamda alikuja, akalikuta sweta limekauka bila kusinyaa. Aliliinua gauni kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu, akaliweka kifuani. Kisha akatoa kitu kutoka kwenye mfuko. Ulikuwa mtandio. Maua mekundu yalikuwa yametiririka kwenye ya buluu, na katikati pakawa na zambarau chafu.

"Niliufua nyumbani," alisema bila kumtazama. "Nilidhani unaringa."

"Koti lina kivuli hapa," Elina alisema, akionyesha pindo. "Sikuweza zaidi."

Bi Zamda alilipapasa kifua lile koti. Lilikuwa limenyooka, bila lengelenge hata moja. "Pindo liko chini," alisema. "Watu watamtazama uso."

Jioni ile Elina alisimama nyuma ya wanawake uani kwa akina Abasi, macho yake kwenye pindo la koti jeusi kila mwenye koti alipopita. Hakuna aliyeliangalia. Nikahi ilipokwisha, mwanamke mmoja aliyesimama jirani naye akamgusa bega, akamwuliza kama ndiye dobi aliyefua lile gauni. Alisema ana blauzi yake nyumbani, ina maandishi ya Kiingereza, na hajui aifanyeje.

"Ilete Jumatatu," Elina akamjibu. "Lakini nitaitazama ndani kwanza."