Keria ya Shemeji

Dada Usukani, kama walivyomwita kijiweni, alianza kuendesha bajaji mumewe alipokwenda kutafuta kazi mbali na simu zake zikaanza kuadimika. Bajaji ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mume, mtu asiyepayuka lakini neno lake ndani ya nyumba ile halikuwa na wa kulirudisha. Yeye ndiye aliyempeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaagiza keria ya vyuma nyuma kabisa, juu ya mlango wa injini.

"Abiria akae kwake, vitunguu vikae kwake," alisema. "Safari moja, kazi mbili."

Dada Usukani aliona kabisa chombo kimebadilika. Injini ya bajaji iko nyuma, na tairi la mbele ni moja tu; ukirundika mzigo nyuma ya magurudumu yale mawili, mbele kunakuwa kwepesi kama ungo. Kwenye kona usukani ulikuwa unamtania. Alimwambia shemeji. Shemeji akamjibu, "Umezoea mteremko wewe," basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi moja alikuwa anampeleka mama yake mzazi kliniki, kifua kilikuwa kimembana. Nyuma walikuwa na magunia mawili ya vitunguu ya kushusha njiani. Akakata kwenye uchochoro wa maduka, wenye mwinuko, ili akwepe foleni. Katikati ya mwinuko akakuta lori linashusha mifuko ya saruji. Alipogeuka kutazama nyuma, mikokoteni ilikuwa imeshajipanga. Kulia kwake lori, kushoto ukuta.

Wakasubiri, injini ikinguruma. Joto likaanza kupanda miguuni mwa mama.

"Mwanangu, zima hiki kitu."

"Nikizima kikakataa kuwaka, mama, tutalala hapa."

Lori lilipojisogeza kidogo, Dada Usukani aliona upenyo. Akaachia klachi, akakaza mkono wa mafuta. Injini ikavuta kwa uchovu, kisha tairi la mbele likanyanyuka kutoka ardhini. Akakata usukani kulia, bajaji isimsikilize. Ikaenda itakako, bampa ikanasa kwenye nguzo ya kibaraza, na injini ikazimika. Upande wa kushoto, ambao ndio mlango, ulikuwa umebanana na ukuta. Upande wa kulia kulikuwa na vyuma vya kuzuia abiria asianguke. Mama hakuwa na pa kutokea. Pumzi yake ikaanza kupiga mluzi.

Dada Usukani alitaka kulia. Badala yake akapiga honi, ikamwonea aibu, ikalia kidogo tu.

Hapo ndipo pikipiki moja ikajipenyeza kati ya lori na mikokoteni. Dereva wake, kijana wa kijiweni waliyemwita Sindano, alikunja vioo vya pembeni, akainamisha chombo kidogo, usukani ukapita kwa upana wa kiganja. Akazima, akashuka.

"Mbona umezima?" Dada Usukani akauliza.

"Yangu inapozwa na upepo wa mwendo. Ikisimama hapa itajichemsha bure. Yako ina feni yake, dada, ila mmeiziba pua." Akagusa magunia yaliyolala juu ya matundu ya hewa, akarudisha mkono haraka. "Ni jiko hili!"

Akafungua kamba za mpira. Magunia yalipoanguka, bajaji ikashuka mbele kwa kishindo, tairi likakaa chini. Sindano akawaomba wa mikokoteni warudi nyuma, wakanung'unika, wakarudi. Dada Usukani akaacha injini ipoe kidogo, akawasha, akavuta kijiti cha rivasi. Usukani ukamtii. Bampa ikajinasua, bajaji ikateremka kwa kinyumenyume hadi barabara kubwa, na mama akatoa kichwa nje, akavuta hewa kama anayekunywa maji.

Baada ya kliniki alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akaikatisha keria. Jioni shemeji alikuja pale pale kwa fundi, akaitazama mikato ile.

"Umekata mali yangu."

"Mama alikuwa ananifia mle ndani, shemeji."

Shemeji akamgeukia fundi. "Mzigo ukae wapi, basi?"

"Mbele ya magurudumu ya nyuma," fundi akasema bila kuinua macho. "Pale wanapokaa watu."

"Basi ng'oa kiti."

Dada Usukani alisimama akitazama boliti zikilegezwa moja moja, kiti kikatolewa na kuegemezwa ukutani. Kesho yake aliendesha bajaji tulivu, tairi la mbele limeshika barabara barabara, injini inapumua vizuri, na magunia manne mgongoni pake. Alipopita kijiweni abiria mmoja akampungia mkono. Akaonyesha vitunguu, akapita.

Mama yake siku hizi huenda kliniki na Sindano, kwenye pikipiki, amefumba macho njia nzima.