Baada ni Kesho

Notburga alikuwa na ulimi mkali na wigi zuri, na vyote viwili hakuvivua mbele ya watu. Alipofungua saluni yake mtaa wa Lizaboni, baada ya kuuza shamba la kule Mshangano alilorithi kwa baba yake, alijiapiza kwamba wateja watajaa au yeye atarudi kulima kibarua kwenye shamba lilelile. Hakuwa na njia ya tatu.

Ndiyo maana alimwita Careen, binti wa mtaa wa Mfaranyaki anayetengenezea maduka video fupi kwa simu. Careen akampangia wiki nzima. Video moja, jambo moja. Sekunde za mwanzo zimshike mtu, mwisho aone saluni ilipo na namba ya simu. Jumatatu, mteja kabla na baada ya kusukwa. Jumanne, msukaji anajitambulisha. Jumatano, namna ya kutunza rasta. Alhamisi, bei. Kisha mteja anayesifu, na ofa ya mwisho wa wiki. Zote zirekodiwe siku moja, mchana, mwanga wa mlangoni ukiwa mzuri, halafu zirushwe mtandaoni moja moja jioni, watu wakiwa na simu mkononi.

"Msukaji ajitambulishe kwa nani?" Notburga aliwaka. Msukaji mwenyewe, Tabu, alikuwa pale pale anachambua rasta za kusukia. "Nimtangaze, kesho afungue yake na wateja wangu wamfuate? Futa!"

Tabu alivuta rasta hadi zikakatika.

"Basi Jumanne inabaki tupu, dada," Careen alisema.

"Haibaki. Kata ile ya Jumatatu. Kabla leo, baada kesho. Watu watarudi kuangalia."

"Dada, hizo hazitenganishwi. Mtu anakubali kurekodiwa nywele zikiwa ovyo kwa sababu anajua atamalizia akiwa amependeza."

"Saluni ya nani?"

Careen akarekodi, akakata. Si kila mwenye akili ana ubavu wa kumshinda mwenye mali.

Jumatatu jioni nusu ya kwanza ikaruka. Ilimwonesha mteja wao, Mwalimu Pamela, amekaa kwenye kiti, rasta zikiwa ndiyo kwanza zimefumuliwa, nywele zimesimama kila upande, mba zimemwagika mabegani. Chini yake Notburga aliandika mwenyewe: "Baada ni kesho!" Akalala akitabasamu, maana watazamaji walikuwa wengi kuliko alivyoota. Hakujiuliza walikuwa wanatazama nini.

Jumanne shule ilipotoka, Mwalimu Pamela aliingia bila hodi. Kichwani rasta zake zimetulia, nzuri kabisa. Usoni hapakuwa na uzuri wowote.

"Shikamoo, mwalimu," Careen alisema.

Mwalimu alimpita. Alimwinulia Notburga simu. "Hii imo kwenye kundi la wazazi wa darasa langu. Wameandika, 'Kumbe mwalimu analala bandani na kuku.' Asubuhi watoto wameniimbia."

"Mwalimu wangu, baada inaruka jioni hii, tena nairusha sasa hivi..."

"Nani ataiona? Waliocheka wameshacheka. Nilikukubalia unioneshe nimependeza. Ulinianika."

Kwenye benchi walikaa wateja watatu. Mmoja akaokota mkoba wake. Wa pili akajifunga kitenge upya kichwani, akasema hapa hafumui hata unywele mmoja. Notburga aliwaona wakielekea mlangoni, akaliona shamba, na jembe, na jua la Mshangano.

"Unataka nini, mwalimu?"

"Vua wigi."

Walio mlangoni wakasimama. Notburga alimtazama Tabu amtetee, na Tabu akamrudishia macho makavu.

"Mwalimu, nakuomba..."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Vua. Binti, rekodi."

Alivua. Aliona hasira na aibu, na hasira ndiyo iliyozidi. Pembeni, juu ya masikio yote mawili, hapakuwa na kitu. Miaka ya kusukwa kwa kubana ilizing'oa nywele zikaacha ngozi inayong'aa. Alimchukia Pamela, akamchukia Careen kwa kuwa na simu, na zaidi alijichukia mwenyewe.

Wa mlangoni mmoja akarudi akakaa.

"Sasa tuendelee na baada, dada," Notburga alimwambia Careen kwa sauti ya kukwaruza. "Tabu, njoo unifiche huu upara."

Tabu alichukua kitana, akakichezea, akakirudisha mezani. "Kesho. Nikirekodiwa na sura yangu na jina langu. La sivyo jisuke."

Careen hakungoja tena aulizwe ni saluni ya nani. Video ya Notburga bila wigi, aliyoirekodi pale pale, aliirusha ilivyo. Dakika haikuisha, simu ya Notburga ikalia. Mtu wa kwanza alikuwa ameandika chini ya video. Alikuwa Mwalimu Pamela, bado amesimama palepale mbele yake:

"Baada ni kesho!"